Barua kwa mwenye nyumba

Dari ya chumba chetu hapa Langoni, Lamu, inavuja tangu masika yashike. Mwenye nyumba anaishi Mombasa, na kila nikimpigia jibu ni moja: fundi atakuja, inshallah. Leo nikaona bora nimwandikie barua pepe ili maneno yabaki, nikaitumia chatboti kuitunga.

Ukiiambia tu "andika barua ya adabu", inakuandikia kama mtu anayejikunyata: "Samahani sana kwa usumbufu, ukipata nafasi ningeomba labda uangalie suala la dari." Hapo hamna siku wala kazi inayotakiwa. Nilipotaka kali zaidi ikaruka upande wa pili: "Nakuagiza urekebishe mara moja, la sivyo nitachukua hatua za kisheria." Ikataja na Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, ile ya kudhibiti kodi za nyumba. Sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na yangu imepita hapo. Angeionyesha kwa wakili, barua yote ingepoteza uzito. Isitoshe huyu ni mzee wa rika la baba yangu, tunakutana naye arusini na matangani. Siwezi kumwagiza.

Kilichosaidia ni kutenganisha adabu na msimamo, kila kimoja na maelekezo yake:

"Anayeandikiwa ni mzee, Mwislamu, anaijua familia yangu. Anza kwa salamu. Tumia 'naomba', usitumie 'nakuagiza'. Usiombe radhi popote, usitishe, usitaje sheria. Eleza kwamba nilimpigia tarehe 14 Aprili, kwamba boriti mbili zimeoza na maji yanadondokea kitandani. Fundi afike kabla ya tarehe 10 Mei. Isizidi maneno 120."

Ndipo barua ikanyooka. Heshima ikakaa kwenye salamu na vitenzi, uzito ukakaa kwenye tarehe na boriti. Hata hivyo ilianza na "Natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa salama", nikaifuta. Nani Lamu husalimia hivyo? Nikaweka "Assalamu alaykum, mzee wangu. Natumai u mzima pamoja na jamaa."

Sentensi niliyoishughulikia zaidi ni ya mwisho. Chatboti iliandika: "Fundi asipofika, nitamtafuta mwenyewe na kukata gharama kwenye kodi." Ukikata bila ridhaa yake, anaweza kuhesabu kwamba unadaiwa kodi. Nikaibadilisha: "Ikiwa fundi hatapatikana kufikia siku hiyo, naomba idhini yako nimtafute hapa, nikuletee makadirio yake kwanza, na gharama ikatwe kwenye kodi ya Juni." Bado ni ombi, lakini sasa analazimika kujibu ndiyo au la.

Juu nimeandika "KUH: Ukarabati wa dari, nyumba ya Langoni", nikaambatanisha picha za boriti na ya godoro lililolowa. Imeshakwenda, na nakala nimempa mama aisome.