Oda ya makopo elfu moja ya siagi ya karanga: nilivyopiga hesabu kabla ya kujibu

Mnunuzi wa jumla alitaka makopo 1,000 ya gramu 400 ndani ya wiki tatu, kwa shilingi 3,300 kopo. Maduka ninayoyauzia siku zote hunilipa 4,000. Ukizidisha harakaharaka unaona shilingi milioni tatu na laki tatu, na hapo ndipo wengi wetu tunapokubali. Mimi nilianza na kopo moja.

Kopo la gramu 400 linanila gramu 450 za karanga mbichi, kwa sababu uzito unapungua kwenye kukaanga, kwenye maganda na kwenye kuchambua. Kilo ikiwa 4,000, karanga peke yake ni 1,800. Kopo na mfuniko ni 450, lebo na muhuri 150, gesi na umeme 150. Vibarua nawalipa kwa kopo, 250. Jumla 2,800. Hizi ni gharama zinazoongezeka kila ninapotengeneza kopo jingine, kwa hiyo duka la kawaida linaniachia 1,200 na oda hii ingeniachia 500.

Kodi ya chumba na gharama nyingine za mwezi, 600,000, sikuziingiza hapo, maana nazilipa oda ije isije. Lakini nikizigawa kwa makopo 1,200 ninayouza kwa mwezi, kila kopo linabeba 500, na gharama kamili inakuwa 3,300, yaani bei ileile aliyoitaja. Kwa oda ya mara moja inayojaza muda ambao mashine imelala, bei hiyo inavumilika. Ikigeuka kuwa bei ya kila mwezi, na maduka mengine yakaanza kuidai, hakuna atakayelipa kodi ya chumba.

Swali lililoamua lilikuwa la nafasi. Tunatoa makopo 80 kwa siku, siku sita, sawa na 480 kwa wiki. Maduka yanachukua 300. Zinabaki nafasi za makopo 180 kwa wiki, au 540 kwa wiki tatu. Makopo 460 yaliyobaki ningelazimika kuyanyang'anya maduka yangu. Makopo 1,000 yanaleta 500,000, lakini kukosa kuuza 460 madukani kunanitoa 552,000. Ningefanya kazi wiki tatu ili nipungukiwe 52,000, na rafu zangu zijazwe na siagi ya mwingine.

Kukesha ili kufikia idadi hakukunivutia pia. Mashine ndogo ya kusaga ikiendeshwa bila kupumzika inachemka. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kuchambua. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu hutolewa kwa mkono, juu ya meza yenye mwanga mzuri, kabla ya kukaanga na tena baada ya kumenya ganda jekundu, kwa sababu huko ndiko sumukuvu inakojificha na kukaanga hakuimalizi. Watu wakiharakishwa, kazi hii ndiyo ya kwanza kurukwa, na ukishasaga huwezi tena kuiona karanga mbovu.

Kisha nikaangalia fedha. Alitaka mali kauli, alipe baada ya siku 60. Makopo 1,000 yanahitaji 2,800,000 mkononi. Mkopo wa riba ya asilimia 3 kwa mwezi unaondoa 168,000 kwa miezi miwili, theluthi ya faida yote. Tena kununua kilo 450 kwa mkupuo humfanya muuzaji apandishe bei: kilo ikifika 4,500, kopo linaongezeka 225, na zile 500 zinabaki 275. Usafiri na makopo yanayorudishwa bado havijaguswa.

Kwa hiyo sikukataa, nilimrudishia oda ya umbo jingine: makopo 720 kwa wiki nne, 180 kila wiki, kwa 3,400, ayachukue mwenyewe kiwandani. Nusu ya fedha ya kila awamu, 306,000, itangulie, na iliyobaki ilipwe siku ya kuchukua mzigo. Karanga za awamu moja ni kilo 81, shilingi 324,000, kwa hiyo malipo ya awali yanakaribia kuzimaliza na mtaji wangu unabeba makopo, lebo na vibarua tu. Kila kopo linaacha 600, jumla 432,000, bila duka hata moja kukosa mzigo.

Tuliandika pia kwamba bei ni ya awamu hizo nne tu, na kwamba bei ya karanga ikipita 4,300 kwa kilo tunakaa upya kabla ya awamu inayofuata. Alivutana nami kwenye malipo ya awali kuliko kwenye bei. Hapo sikulegeza, kwa sababu shilingi mia naweza kuifidia kwenye awamu nyingine, lakini mzigo uliotoka bila fedha unasimamisha ununuzi wa karanga za maduka ya wiki inayofuata.