Ninavyoandaa wasifu wa Mwalimu Mkuu kwa ratiba ya kikao cha wazazi

Katika shule yetu ya msingi ya serikali, ratiba ya kikao cha wazazi huandaliwa na mwalimu wa taaluma, na kazi hiyo nimekuwa nikiifanya mimi. Ni karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati ikawa na kurasa nne ndogo. Ukurasa wa pili, juu ya ajenda, hukaa wasifu wa Mwalimu Mkuu na picha yake. Nafasi iliyopo inabeba maneno kama 150, na maneno hayo ndiyo Mwenyekiti wa Kamati ya Shule husoma kwa sauti anapomkaribisha kuzungumza, kwa muda usiozidi dakika moja na nusu.

Wasifu wa kuombea cheo haufai hapa. Afisa anayepitia maombi hamjui mwombaji, ndiyo maana anataka vyeti, vyuo na semina zote. Mzazi aliyekaa kwenye dawati la Darasa la Tatu anamjua Mwalimu Mkuu vizuri tu, na mtoto wake humletea habari za shule kila jioni. Kwa hiyo kila sentensi ninayoweka naipima kwa swali moja: je, mzazi huyu anaweza kuihakiki kwa kuuliza mtoto, kutazama dirishani au kufungua matokeo kwenye simu yake? Isiyohakikika naiondoa. Ndivyo zinavyotoka "mchapakazi", "mwenye maono" na "aliyeinua taaluma kwa kiwango kikubwa". Elimu na miaka ya kazi vinapata sentensi moja. Dini, kabila na mambo ya ndoa havimo kabisa, kwa sababu huyu anatambulishwa kama mtumishi wa umma.

Sehemu inayotaka umakini kuliko zote ni matokeo ya Darasa la Saba. Mtihani una masomo sita, kila somo lina alama 50, jumla 300. Mtahiniwa akipata 241 na kuendelea ana wastani wa daraja A. 181 hadi 240 ni B. 121 hadi 180 ni C. 61 hadi 120 ni D. Chini ya hapo ni E. Aliyefaulu ni mwenye A, B au C. Kwenye ukurasa wa matokeo wa Baraza la Mitihani, kila shule ina idadi ya waliofanya mtihani na wastani wa shule. Hesabu nyingine zote unaweza kuzifanya mwenyewe kutokana na orodha ya watahiniwa.

Nichukue mfano, tarakimu nimezitunga ili hesabu ionekane. Mwaka wa kwanza walisajiliwa 84, wakafanya 80. Walipata A 2, B 14, C 44, D 18 na E 2. Waliofaulu ni 60, yaani asilimia 75. Mwaka uliofuata walisajiliwa 96, wakafanya 95: A 6, B 26, C 38, D 23, E 2. Waliofaulu ni 70, yaani asilimia 73.7. Wastani wa shule ulitoka 146 ukafika 155.

Hapo asilimia imeshuka, wastani umepanda, na idadi ya waliofaulu imeongezeka kwa kumi. Kishawishi ni kuchukua kinachopendeza na kukaa kimya juu ya kingine, lakini mzazi mmoja akifungua simu katikati ya kikao akaona asilimia imeshuka, hata yale ya kweli yaliyoandikwa chini yake hayataaminika tena. Mimi huanza kwa kutafuta kilichotokea. Waliopata A na B walikuwa 16, wakawa 32: hao ndio walioinua wastani. Waliopata D walikuwa 18, wakawa 23: hao ndio walioshusha asilimia. Halafu kuna jambo ambalo asilimia ya kawaida hailionyeshi kabisa. Mwaka wa kwanza watoto wanne waliosajiliwa hawakufika kwenye chumba cha mtihani. Mwaka wa pili alikosa mmoja. Ukigawanya waliofaulu kwa waliosajiliwa, unapata asilimia 71.4 mwaka wa kwanza na 72.9 mwaka wa pili. Kuwafikisha watoto mtihanini ni kazi ya uongozi: ni ufuatiliaji wa utoro, simu kwa wazazi, na safari za nyumbani kwa watoto. Kwa maoni yangu, hii inamsema Mwalimu Mkuu kuliko asilimia yoyote.

Kwa hiyo kwenye wasifu naandika idadi kamili, "70 kati ya 95", na miaka miwili ikiwa pamoja, kisha naongeza waliokosa mtihani. Idadi ya watu kila mzazi anaielewa, na inazuia ujanja wa asilimia pale darasa linapokuwa dogo: katika darasa la watoto 20, mtoto mmoja peke yake ni asilimia tano. Nafasi ya shule kikata au kiwilaya siiweki. Inategemea wengine walifanya nini mwaka huo, na Baraza lenyewe liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora.

Kuna sharti la tarehe pia. Mtihani hufanyika Septemba. Mwalimu Mkuu aliyeripoti kituoni Julai hawezi kubebeshwa matokeo ya mwaka huo, yawe mazuri au mabaya. Nahesabu kuanzia kundi alilokaa nalo walau kuanzia Januari, na mwaka aliofika nauandika wazi ili msomaji ajipimie.

Ustawi wa wanafunzi ndiko maneno matupu yanakojificha zaidi. Chukua uji. "Shule inatoa uji kwa wanafunzi" si kweli ikiwa wanaokunywa ni wale tu ambao wazazi wao wamechanga. Mama ambaye mtoto wake hushinda bila kitu ataisoma sentensi hiyo kwa uchungu. Naenda kwa mwalimu anayesimamia chakula, nachukua daftari la wanaokunywa na rejesta za mahudhurio za wiki hiyohiyo, kisha naandika wangapi kati ya wangapi. Na kwa kuwa mchango wa chakula ni makubaliano ya wazazi wenyewe, sifa yake naigawa: wazazi walikubaliana, Kamati ikapitisha, Mwalimu Mkuu anasimamia.

Vyoo ni hivyohivyo. Mwongozo wa usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Tuseme shule ina wasichana 310 na matundu yao yametoka manne yakawa manane. Walikuwa karibu 78 kwa tundu, sasa ni 39. Ni hatua kubwa, ila kiwango kinataka matundu 16, kwa hiyo bado manane. Naandika yote mawili. Wapo wanaoona upungufu hauna nafasi kwenye wasifu, lakini ajenda ya nne ya kikao hichohicho huenda ni nguvukazi ya kuchimba shimo la choo. Mzazi aliyesomewa kwamba mambo yote ni mazuri ataona shida gani kuleta jembe? Zaidi ya hapo, fedha za majengo mara nyingi hutoka serikalini au kwenye mradi, kwa hiyo naandika kwamba Mwalimu Mkuu alisimamia ujenzi, siandiki kwamba alijenga.

Jambo moja la ustawi siligusi hata likiwa la kusifika: mtoto mmojammoja. Msichana aliyenusurika kuozeshwa, au mtoto aliyerudishwa kutoka machimboni, hata usipomtaja jina kijiji kizima kitamjua kabla ya kikao kuisha. Naandika utaratibu uliopo, yaani kuna mwalimu wa malezi, anapatikana siku gani na mzazi amwone wapi.

Kwa uongozi nachagua utaratibu mmoja tu unaoonekana kwa macho. Mahali pengi ni ubao wa matangazo. Kama mapato na matumizi ya ruzuku hubandikwa pale kila robo mwaka, hiyo inatosha. Kabla ya kuandika natoka kwenda kuutazama ubao. Ikiwa karatasi iliyopo ni ya robo mbili zilizopita, namwambia Mwalimu Mkuu abandike mpya kwanza, ndipo sentensi iingie.

Kwa tarakimu zile za mfano, wasifu unatoka hivi:

"Mwalimu Mkuu wetu ana Stashahada ya Ualimu na amefundisha kwa miaka 17, hasa Hisabati. Aliripoti shuleni hapa Januari, miaka mitatu iliyopita. Katika mtihani wa Darasa la Saba uliopita, wanafunzi 70 kati ya 95 walifaulu; mwaka uliotangulia walikuwa 60 kati ya 80. Waliopata A na B wameongezeka kutoka 16 hadi 32, na waliopata D pia wameongezeka, kutoka 18 hadi 23. Wanafunzi wa kiwango hicho cha D ndio walengwa wa masomo ya ziada ya mwaka huu. Waliosajiliwa wakakosa mtihani wamepungua kutoka wanne hadi mmoja. Amesimamia ujenzi wa matundu manne mapya ya choo cha wasichana, na sasa yapo manane. Bado yanahitajika mengine manane. Kwa makubaliano ya wazazi, wanafunzi 420 kati ya 605 wanapata uji kila siku ya masomo. Mapato na matumizi ya shule hubandikwa kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka. Mwalimu wa malezi huonana na wazazi kila Jumatano kuanzia saa nane mchana."

Rasimu inasomwa na watu wawili kabla ya kuchapwa. Mwalimu Mkuu mwenyewe huhakiki tarehe na tarakimu. Mwenyekiti wa Kamati huisoma kwa sauti, kwa sababu ndiye atakayeisoma siku yenyewe. Anapokwama, sentensi hiyo naikata iwe mbili. Cheo pia nakitazama: shule ya msingi ina Mwalimu Mkuu, Mkuu wa Shule ni wa sekondari, na mgeni kutoka ofisi ya kata ataona kosa hilo mara moja.

Picha ichukuliwe nje, kivulini, nyuma kukiwa na ukuta mweupe. Picha ya ndani yenye pazia jeusi ikipita kwenye mashine ya fotokopi uso hupotea, na nakala za mwisho hutoka doa tupu. Chapa moja kwanza, ipige fotokopi, kisha uitazame hiyo nakala ya pili. Ndiyo wazazi watakayoishika.

Kikao kikiangukia kati ya Septemba na siku ya kutangazwa matokeo, natumia ya mwaka uliotangulia na kuandika mwaka wake kwa tarakimu pembeni. Yakitoka baada ya ratiba kuchapwa, sirudii uchapaji. Mwalimu Mkuu huyasoma mwenyewe kwenye ajenda ya taaluma, na nakala yake hubandikwa ubaoni asubuhi ya siku hiyo.