Mkebe Niliourudisha Rafuni

Kitinda mimba wangu amefika umri wa kusoma kila kitu chenye maandishi. Juzi, tukiwa kwenye foleni ya kulipa katika supamaketi, alichukua pakiti ya biskuti, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole juu ya yale maandishi madogo, kisha akaniuliza, "Mama, wei ni nini?" Nilimwambia ni yale majimaji yanayobaki maziwa yakigandishwa ili kutengeneza jibini. Aliridhika. Mimi nilibaki nimeishika ile pakiti, nikijiona tena katika famasi moja ya Kisumu, umeme umepotea, tochi ya simu mkononi.

Alikuwa na miezi mitatu na siku chache. Nilikuwa nimerejea kwenye zamu za usiku, maziwa yangu yamepungua, nasi tulikuwa tumeanza kumwongezea ya mkebe. Katika wiki ya pili mashavu yake yalijaa vipele, akawa anatapika baada ya karibu kila chupa, na asubuhi moja nikakuta kwenye nepi ute wenye nyuzi mbili za damu, nyembamba kama uzi wa kushonea. Daktari wa watoto alimpima uzito, ambao haukuwa umeshuka, akasema anashuku mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Alieleza kwamba kwa dalili kama hizo hapakuwa na kipimo cha damu cha kututolea jibu la hakika, na kwamba njia ni kuiondoa protini hiyo kabisa kwa wiki mbili hadi nne, kuona kama dalili zitaisha, halafu kuirudisha kwa uangalizi wake na kuona kama zitarudi. Mimi niliyekuwa bado ninanyonyesha niliambiwa nami niache maziwa, kwa hiyo nikahamia chai ya turungi. Aina ya maziwa ya kununua aliiandika ndani ya kijitabu cha kliniki, nami kijitabu nikakiacha nyumbani. Kichwani nilikuwa na agizo moja tu: mtoto asipate maziwa.

Ndipo nikasimama mbele ya rafu na mikebe mitano. Jambo moja nilikuwa nalijua, kwamba viungo huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Mkebe tuliokuwa tukitumia ulianza na maziwa yaliyoondolewa mafuta, ukafuata na laktosi, mafuta ya mimea na unga wa wei, huo niliupita. Wa maziwa ya mbuzi nilimwonyesha mfamasia. "Hapana, mama," alisema, "protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, mtoto anayekataa ya ng'ombe kwa kawaida hukataa na hizi." Wa soya haukuwa na tone la maziwa katika orodha yake nzima, nami nilikuwa nimekwisha kuutia kikapuni aliponiuliza umri wa mtoto. Nilipomjibu, aliutoa mwenyewe, akisema kwamba chini ya miezi sita hautoi bila daktari kuagiza, na kwamba isitoshe wapo watoto wenye mzio wa maziwa ambao soya pia huwadhuru. Kisha akaitwa upande wa pili wa kaunta, ambako mzee mmoja alikuwa akilalamikia bei ya dawa yake ya presha.

Nikabaki na mikebe miwili. Wa kwanza ulikuwa mdogo na wa bei ya kutisha. Niliusogezea tochi, nikasoma polepole: sharubati ya glukosi iliyokaushwa, mafuta ya mimea, protini ya wei iliyohidrolaiziwa kwa kiwango kikubwa. Chini yake, kwa herufi nzito, paliandikwa kwamba una maziwa. Nakumbuka hasira iliyonipanda, hasira ya mtu anayedhani amemkamata tapeli: wanauza kwa bei hii, na bado ni maziwa yale yale! Niliurudisha rafuni kwa kishindo kidogo, ili mfamasia asikie.

Wa pili ulisema mbele, kwa herufi kubwa za buluu, kwamba hauna laktosi. Nyuma sikuona wei wala unga wa maziwa. Palikuwa na glukosi, mafuta, na kitu kilichoitwa kaseinati ya kalsiamu, ambacho nilikihesabu miongoni mwa madini kwa sababu ya hiyo kalsiamu. Mstari wa mwisho ulikuwa umefunikwa na stika ya bei. Nililipa, nikashukuru, nikapanda matatu ya Kondele nikijiona mama mwerevu.

Baada ya siku nne damu ilikuwa bado ipo, na sasa vipele vilikuwa vimeshuka hadi kwenye viwiko. Daktari aliniambia nilete mkebe wenyewe. Aliibandua ile stika kwa ukucha, bila kusema neno, na chini yake palikuwa na maneno yale yale mazito: una maziwa. Kaseinati, alinieleza, ni kasini, na kasini ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika maziwa ya ng'ombe. Laktosi ni sukari, na mzio tulioushuku haukuhusu sukari. Nilikuwa nimemwondolea mtoto kitu kisicho na hatia, nikamwachia mshtakiwa.

Ule mkebe mdogo nilioutukana ndio alioukusudia. Protini yake imetoka kwa ng'ombe, na kwa hiyo ni lazima kopo liseme hivyo, lakini imekatwakatwa vipande vidogo kiasi kwamba kinga ya watoto wengi wenye mzio huo haivitambui tena. Kitambulisho, alisema, hakiko katika neno "maziwa" bali katika maneno yanayoifuata protini: kuna iliyohidrolaiziwa kwa sehemu tu, ambayo vipande vyake bado ni vikubwa na haimfai mtoto mwenye mzio, na kuna hii ya kiwango kikubwa. Wachache hushindwa hata na hii, takriban mmoja katika kumi, nao hupewa ile iliyotengenezwa kwa asidi amino peke yake. Wetu hakufika huko. Alifika tu kwenye harufu, maana maziwa hayo yananuka kama viazi vilivyochemka na kusahauliwa sufuriani, na ni machungu, nilionja. Siku mbili za kwanza aliyatema hadi yakanichuruzika kwenye kiwiko, ya tatu akayanywa kama aliyekata tamaa.

Wiki ya tatu ngozi ilikuwa safi na nepi haina kitu. Hapo ndipo tulipopaswa kurudisha maziwa ya kawaida ili tujue. Sikurudisha. Kila nilipopangiwa tarehe nilipata mafua, zamu au mvua. Akiwa na miezi kumi na moja tulienda Kakamega, na kukhu wake, yaani bibi yake, ambaye nilikuwa nimemweleza habari za kasini kwa dakika ishirini nzima, akampa kikombe cha chai ya maziwa nilipokwenda kuoga. Nilikaa macho usiku kucha nikimpapasa mashavu. Hakuwa na kipele hata kimoja.

Daktari alisema huenda mzio ulikuwa umekwisha, kama unavyokwisha kwa watoto wengi, na huenda haukuwapo tangu mwanzo, kwa kuwa damu kidogo kwenye nepi ya mtoto mchanga wakati mwingine hukoma yenyewe. Kwenye kijitabu cha kliniki bado kuna neno "anashukiwa", na hakuna aliyewahi kulifuta.

"Tuichukue?" kitinda mimba aliniuliza juzi, mkono juu ya ile pakiti. Kijana wa kaunta alikwisha kuipitisha kwenye mashine, nami nilikuwa bado ninatafuta kasini.