Namna nilivyosimamia ujenzi wa nyumba yangu Ndosho, Goma

Nilipoamua kujenga nyumba ya vyumba viwili na sebule katika parseli yangu ya Ndosho, nilimchagua fundi kwa kukagua kazi zake za zamani. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta nyingi mjini Goma. Kwa hiyo nilimwomba kila fundi anipeleke kwenye nyumba aliyoimaliza kabla ya hapo, nikatazama pembe za madirisha na milango, kwa sababu ufa unaopanda mshazari kutoka pale mara nyingi huonyesha kwamba lenta, ile boriti ya juu ya dirisha au mlango, ni fupi au kwamba ukuta haukufungwa kwa mkanda wa zege. Niliyemchukua hakuwa wa bei ya chini kabisa. Wa bei ya chini alikuwa ametaka nusu ya malipo kabla ya kuweka jiwe hata moja.

Tulikubaliana kwa maandishi, mbele ya shahidi, kwamba vifaa nitanunua mimi, naye atalipwa dola 1.500 za kazi. Alianza na dola 200, malipo mengine yakafuata hatua zilizokwisha kukaguliwa, na dola 150 zikabaki kwangu hadi paa linyeshewe mvua. Sharti nililolisisitiza zaidi lilikuwa kwamba zege lisimwagwe kabla sijaona fero, yaani nondo za ndani yake, kwani likishamwagwa hakuna awezaye kuzihesabu.

Ziara zangu kubwa, kwa hiyo, zilikuwa za mkesha wa kumwaga zege. Msingi wa mawe meusi ya volkano haukunipa shida. Nilihakikisha tu kwamba nafasi kati ya mawe zimejazwa chokaa ya simenti, si vijiwe vikavu.

Kwenye mkanda wa juu ya madirisha nilikuta fero nne za milimita 10, zikiwa na pete za milimita 6 kila sentimita 20, kama tulivyoandika. Lakini kwenye pembe, fero za kuta mbili zilikatwa zikakutana tu bila kukunjwa. Tetemeko likivuta kila ukuta upande wake, pembe ya namna hiyo hufunguka. Nilimwomba fundi aongeze vipande vilivyokunjwa kama kiwiko, vinavyoingia sentimita 50 katika kila ukuta.

“Mama, fero zimekwisha,” alinijibu.

Fero mbili za mita 12 zilitosha pembe zote nne, na zege likasubiri hadi kesho yake. Siku hiyo nilikaa karibu na mchanganyiko: mfuko mmoja wa simenti kwa toroli moja ya mchanga na mbili za kokoto. Wasaidizi hupenda kuongeza maji ili kazi iwe nyepesi, hali maji mengi hudhoofisha zege. Malipo ya hatua hiyo niliyatoa mbao zilipoondolewa na zege likaonekana halina matundu.

Mvua ya kwanza ilivujisha bati moja penye msumari. Fundi alipanda akaliziba, nami nikampa zile dola 150.