Nilivyoitumia ile orodha ya hulka 12 kwenye biashara yangu ya dagaa Kigoma

Nimechoka kusikia wajasiriamali wenzangu wakiambiwa wajaze dodoso, wajue "hulka ya chapa yao," kisha wachape lebo. Nauza dagaa wakavu hapa Kigoma, wa rejareja na wa jumla, na ushauri huo nimeufuata mpaka mwisho. Orodha yenyewe si mbaya. Ubaya uko kwenye namna inavyofundishwa.

Kwa ambaye hajakutana nayo: ilienezwa mwaka 2001 na Wamarekani wawili, Margaret Mark na Carol Pearson, wakiegemea fikra za Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi. Wanasema chapa zinazokumbukwa huwa na tabia ya mhusika fulani anayejulikana na watu wote: Shujaa, Mwasi, Mlezi, Mjuzi, Mgunduzi, Mtu wa Kawaida, na kadhalika mpaka wafike 12. Nike mara nyingi hutajwa kama Shujaa, Harley-Davidson kama Mwasi. Jung mwenyewe hakuwahi kuandika orodha ya 12 kwa ajili ya biashara, ila wakufunzi wengi huisema kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Kwenye semina niliyohudhuria, dodoso lilikuwa na maswali kama "Unapenda kusafiri?" na "Unachukia kubanwa?" Mimi napenda kusafiri. Basi chapa yangu ikawa Mgunduzi. Nikapewa rangi, kijani cha jeshi na kahawia, nikapewa picha ya dira na milima, na kaulimbiu "Thubutu kufika mbali." Mkufunzi alisisitiza lebo izunguke pakiti nzima ili tabia ionekane. Laki kadhaa zikaenda kwa mchapishaji.

Nikazipeleka sokoni Mwanga. Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliichukua pakiti, akaigeuza mbele na nyuma, akaibonyeza kwa vidole kutafuta vichwa vya dagaa. Akaniuliza: "Dada, humu ndani kuna majani ya chai?" Nilipomwambia ni dagaa, akataka kuwaona. Hawakuonekana popote, lebo ilikuwa imewafunika. Akairudisha mezani, akaenda kununua kwenye beseni la jirani, anakoweza kuchota na kunusa. Mteja wangu wa Dodoma naye akanipigia simu baada ya kupokea mzigo, wala hakutaja dira wala milima. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hawa ni wa mchanga au wa chanja?"

Swali hilo ndilo linalobeba biashara ya dagaa. Wanaoanikwa chini hubeba mchanga, na hauishi hata uwaoshe mara ngapi. Wanaoanikwa kwenye chanja ya waya, juu ya ardhi, hutoka safi, na hewa hupita chini yao wakakauka sawasawa. Ukitaka kujua, tikisa pakiti kisha isimamishe kwa kona moja: mchanga utajikusanya pale chini. Mteja anayefanya hivyo hana haja ya kujua kama mimi napenda safari.

Nilipomweleza mkufunzi, alisema niendelee, watazoea. Hapo ndipo nilipokataa, na sababu yangu ni hii. Viatu vya kampuni kubwa hufanana sana kwa ubora, mnunuzi hamfahamu mwenye kampuni, na tangazo lile lile hurudiwa miaka na miaka mbele ya mamilioni ya watu. Huko tabia ya kubuni inaweza kuwa ndiyo tofauti pekee. Kwangu mteja anaisikia sauti yangu kwenye simu, anajua nyumbani kwangu, na ana shaka mahususi kuhusu bidhaa. Na lile dodoso lilinipima mimi. Mnunuzi hakuulizwa lolote.

Sasa niliyofanya. Nilichukua daftari nikaandika kila swali la mteja kwa maneno yake mwenyewe, tangu giza moja la uvuvi mpaka mbalamwezi iliyofuata. Yalijirudia matatu: mchanga, upya, na kwa nini bei imepanda. Hilo la bei ndilo nililoamua kulijaribia zile hulka, kwa sababu huwa linaniletea ugomvi kila mwezi. Wavuvi wa hapa huvua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, wavuvi wengi hawaingii ziwani, na bei inapanda.

Nikaandika ujumbe huo huo kwa sauti tatu, nikawatumia wateja tofauti.

Wa Shujaa ulisema: "Mbalamwezi haituzuii! Dagaa wapo, agiza sasa!" Mteja wa jumla akaagiza magunia ambayo sikuwa nayo, nikapoteza jioni nzima kumtuliza. Sauti ile iliahidi kitu ambacho ziwa halikuwa limetoa.

Wa Mlezi ulisema: "Mama, familia isikose mboga, sisi tupo kwa ajili yako." Majibu yalikuja haraka na kwa upendo mwingi, na karibu yote yaliomba mkopo. Sikuwalaumu. Ukimwambia mtu upo kwa ajili yake, naye hana hela mpaka mwisho wa mwezi, atakuomba.

Wa Mjuzi ulikuwa mrefu kidogo: "Mbalamwezi imeanza, wavuvi wengi hawaingii. Nilionao ni wa chanja, walikaushwa kabla mwezi haujajaa. Bei imepanda, giza likirudi itashuka. Asiye na haraka asubiri." Wengine wakasubiri kweli. Walirudi giza lilipoingia, na wa Dodoma akaongeza oda kwa sababu, alisema, sasa anaweza kupanga.

Nikampa wifi yangu jumbe zote tatu azisome kwa sauti bila kumwambia ni za nani, nikamuuliza ipi ni yangu. Akachagua ya tatu bila kusita. Jaribio hilo ni bora kuliko dodoso lolote, na halina gharama.

Lakini hata Mjuzi ana mpaka wake. Kina mama wa mtaani hapa, wanaonunua kopo moja, waliona maelezo yale ni marefu na ya kujidai. Kwao nasema tu, "Leo wamepanda, jirani, lakini hawana mchanga, njoo uwaone." Hiyo ni ya Mtu wa Kawaida. Semina ilisema chagua hulka moja uishike. Mimi nina aina mbili za wateja na sauti mbili, na hazigombani, kwa sababu ukweli uliomo ni ule ule.

Mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei, sikuhitaji kutunga chochote. Niliwaandikia wa jumla nina mzigo kiasi gani, ukiisha hakuna mwingine mpaka Agosti. Waliponiamini, ni kwa sababu walishazoea kuambiwa hivyo.

Pakiti yangu ya sasa ina upande mmoja mtupu ili dagaa waonekane, na juu imeandikwa "wa chanja" kwa herufi kubwa kuliko jina la biashara. Orodha ya 12 bado ninayo, naifungua ninapotaka kuandika ujumbe mgumu. Kwenye rangi, bei na ufungashaji haina usemi.

Karibuni nimeanza kuuza mawese pia, na daftari nimelifungua upya, maana mnunuzi wa mawese ana shaka nyingine kabisa. Mpaka sasa swali linaloongoza ni kama yamechanganywa na mafuta mengine.