Siku 41 za PR namba 212

Hii ilikuwa 2022, mwezi wa nane. Tulikuwa watu watatu tunasimamia ripo moja ya wazi GitHub, maktaba ndogo ya kusoma meseji za miamala ya simu, ile meseji inayokuja ukitumiwa hela, maktaba inaichambua inakupa kiasi, namba ya muamala, salio na tarehe. Hatukuwa tunalipwa, kila mtu na kazi yake ya mchana. Mimi nilikuwa Mwanza, wenzangu wawili Dar.

Jumatano moja asubuhi naamka nakuta imeli ya GitHub, PR namba 212, yani puli rikwesti, ombi la mtu kutaka mabadiliko yake yaingie kwenye msimbo wetu, imefungwa na mwenyewe aliyeifungua. Ameacha sentensi moja tu: "Samahani dada, nimeona haihitajiki, naifunga nisiwajazie." Nikafungua kuangalia. Kijana alikuwa mwanafunzi wa chuo, ndo puli rikwesti yake ya kwanza kwetu, karekebisha sehemu iliyokuwa inasoma vibaya kiasi chenye koma na senti. Mistari kumi na kitu hivi, na kaandika majaribio kabisa. Kakaa siku 41 na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia neno. Aisee niliumia, maana ile hitilafu ilikuwa ya kweli na watu walishailalamikia.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba wiki mbili nyuma nilikuwa nimewaonyesha wenzangu namba nikawaambia ripo yetu ina afya. Nilikuwa nimepiga mediani ya muda wa kumeji, yani toka PR inafunguliwa hadi inaunganishwa, nikapata masaa 6. Sasa masaa 6 na siku 41 zinakaaje kwenye ripo moja?

Jioni nikakaa na laptopu nikavuta data yote upya:

```
gh pr list --state all --limit 300 \
  --json number,author,createdAt,mergedAt,closedAt,state,reviews > pr.json
```

Halafu nikaandika jq ya kutafuta rivyu ya kwanza ya kila PR, nikitoa zile alizoandika mwenye PR mwenyewe:

```
jq -r '.[] | .author.login as $a
  | [.number, $a, .createdAt,
     ([.reviews[] | select(.author.login != $a)
       | .submittedAt] | sort | first)]
  | @tsv' pr.json
```

Hiyo `select` usiiache, kwa sababu ukijibu komenti iliyowekwa kwenye mstari wa msimbo wa PR yako mwenyewe, GitHub inaihesabu kama rivyu, kwa hiyo mtu anaweza kuonekana amejirivyu mwenyewe. Hata baada ya hapo matokeo yalikuwa mazuri mno, kila PR imepata rivyu ndani ya sekunde arobaini! Nikashtuka kidogo nikaenda kuangalia, kumbe ni boti letu la kukagua mpangilio wa msimbo, lenyewe linaacha rivyu kwa kila kitu kinachoingia. Nikalitoa kwa jina. Na zile nilizofungua mimi kama drafti nikahesabu kuanzia muda wa tukio la `ready_for_review`, sio `createdAt`, maana drafti hujaomba mtu aangalie bado.

Baada ya kusafisha ndo nikagawa makundi mawili, sisi watatu upande mmoja na watu wa nje upande wa pili. Hapo kila kitu kikajieleza.

Kwa miezi sita kulikuwa na PR 94. Zetu 68, za nje 26. Zilizomejiwa jumla 74, na kati ya hizo 66 ni zetu, 8 tu za nje. Sasa ile mediani ya masaa 6 ilikuwa inapigwa kwenye zile 74, maana PR ambayo haijamejiwa haina `mergedAt`, fomula inairuka kimya kimya. Yani nilikuwa nimepima jinsi sisi watatu tunavyomejiana haraka. Wale wa nje 18 ambao hawakumejiwa hawakuwepo kabisa kwenye hesabu, na namba 212 alikuwa mmoja wao. Hata ningesema nipige mediani ya wa nje peke yao ningepata siku 8, ambayo kwa ripo ya watu wa kujitolea si mbaya, lakini hizo siku 8 ni za wale wanane waliovuka tu.

Nikajiuliza nitawahesabuje ambao bado wanasubiri. Huwezi kuwapa sifuri, huwezi kuwatoa, na ukisema uchukue siku walizosubiri mpaka leo unamdhulumu aliyefungua jana, ataonekana kasubiri siku moja wakati hujui atasubiri ngapi. Nilichofanya ni rahisi, nikaacha kuuliza "ilichukua muda gani" nikauliza "wangapi walijibiwa na binadamu ndani ya siku kadhaa". Nikachukua PR za nje zilizofunguliwa zaidi ya siku 30 nyuma ili kila moja iwe imepata nafasi sawa, zikabaki 22. Ndani ya siku 2 walijibiwa 3. Ndani ya siku 7 walikuwa wamefika 6. Ndani ya siku 30 wote kwa pamoja 10. Waliobaki 12 mwezi mzima hawakusikia kitu. Kwa maana nyingine mtu wa katikati kwenye huo mstari hakuwa amejibiwa hata mwezi ukiisha, kwa hiyo mediani yao halisi ya rivyu ya kwanza ilikuwa zaidi ya siku 30. Sisi wenyewe, 61 kati ya 68 tulijibiana ndani ya siku moja.

Kitu kingine nilichokiona usiku ule ule, kwa wale wa nje waliobahatika, toka rivyu ya kwanza hadi kumejiwa ilichukua kama siku moja na nusu tu. Hapo ndo nikaelewa kwa nini ni vizuri kupima hivi vitu viwili pamoja. Kama rivyu ya kwanza ingekuja haraka halafu kumeji kukachukua wiki, ningejua tatizo liko kwenye mabishano, au PR kubwa mno, au mtu anaambiwa arekebishe kila siku kitu kipya. Kwetu ilikuwa kinyume chake, ukishaingia ndani mambo yanakwenda, shida iko mlangoni. Watu wanapiga hodi hatufungui.

Kwa nini hatufungui? Nilidhani ni uvivu nikataka kuwaandikia wenzangu kwa hasira, bahati nzuri nikafungua kwanza zile PR moja moja. Zote za watu wapya zilikuwa na kitu kimoja, majaribio hayajaanza. Tangu 2021 GitHub Actions, mfumo wa GitHub unaoendesha majaribio, haiendeshi moja kwa moja PR ya mtu anayechangia kwa mara ya kwanza, inasubiri msimamizi abonyeze kitufe, wakati huo kiliandikwa `Approve and run`. Waliweka hivyo kwa sababu kuna watu walikuwa wanatuma PR za kuchimba sarafu za kidijitali kwenye mashine za bure za GitHub. Sababu ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila sisi tulikuwa na mazoea ya kuchuja orodha tuangalie zenye tiki ya kijani tu, "majaribio yakipita ndo nitasoma". PR ya mgeni haiwezi kupata kijani mpaka mmoja wetu abonyeze, na sisi hatubonyezi kwa kuwa hatujaiona, hatujaiona kwa kuwa haina kijani. Wale 10 waliojibiwa wengi wao ni ambao waliwahi kumejiwa zamani, au walitutafuta kwa meseji binafsi.

Nikampigia mwenzangu mmoja usiku, nikamwambia kaka fungua PR moja mpya ya mgeni ubonyeze, akabonyeza tukiwa kwenye simu. Dakika tatu, kijani yote. Akakaa kimya, halafu akasema "dah, kumbe ilikuwa hivi siku zote."

Tukapanga zamu, kila wiki mtu mmoja, asubuhi dakika kumi kabla ya kazi. Kwanza anaangalia kama PR imegusa `.github/workflows` au inafanya kitu cha ajabu kwenye skripti, kama haijagusa anabonyeza, kisha anaandika angalau jibu moja la maana. Tulikubaliana jibu liwe linahusu msimbo wenyewe, kwa sababu wiki ya kwanza tu kuna aliyekuwa anaandika "nitaipitia jioni" kupitia kitufe cha rivyu. Saa inasimama, namba inapendeza, na yule mtu bado hajui chochote. Hizo tukaanza kuzisoma kwa macho kila mwisho wa mwezi, hatukupata njia ya skripti ya kuzitambua.

Miezi mitatu baadaye nikapima tena. Watu wa nje walileta 17, na 14 walijibiwa ndani ya siku 2. Lakini muda wa kumeji wa watu wa nje ulikuwa umepanda, toka mediani ya siku 8 hadi 12. Mwenzangu mmoja akasema basi zamu haisaidii, tumeongeza kazi na tumekuwa wa polepole. Ilibidi nikae tena na data. Nikafungua zilizomejiwa zamani, zile nane, nyingi ni marekebisho ya maneno na mstari mmoja mmoja. Zilizomejiwa safari hii zilikuwa 12 kati ya 17, na humo ndani kuna mtu kaongeza mtandao mzima mpya wa simu, kuna mwingine kabadilisha jinsi tarehe inavyosomwa, vitu vinavyohitaji kurudi na kwenda mara tatu nne. Zamani PR kama hizi zilikuwa zinafia mlangoni hivyo hazikuwahi kuichafua mediani. Toka hapo sikuwahi tena kuandika muda wa kumeji bila kuweka pembeni yake zimemejiwa ngapi kati ya ngapi.

Kuhusu 212, nilitaka kuifungua upya nikakuta kitufe hakikubali, kijana alikuwa ameshafuta nakala yake ya ripo. Ila GitHub huwa inabaki na komiti za PR upande wetu hata kama nakala ya mtu imefutwa, nikazivuta hivi:

```
git fetch origin pull/212/head:pr-212
```

Nikaziunganisha na tawi kuu kama zilivyo, jina lake likabaki kama mwandishi. Nikamwandikia kwenye ile PR iliyofungwa, nikamwomba radhi, nikamweleza kilichotokea na kitufe kile, nikamwambia marekebisho yake yanatoka kwenye toleo la Ijumaa. Hakujibu. Toleo lilitoka, na malalamiko ya koma na senti yakaisha wiki hiyo hiyo.