Siku Moja Maishani Mwangu: Kuketi Katika Jopo la Usaili wa Mhadhiri

Saa 1:00 asubuhi

Idara ya sayansi ya mazingira inatafuta mhadhiri wa haidrolojia, nami nimealikwa katika jopo la usaili kama mjumbe kutoka nje ya idara. Kazi yangu ya kila siku ni kufundisha takwimu. Mjumbe wa nje hatarajiwi kujua kila istilahi ya fani ya mwombaji. Anatarajiwa kuuliza yale ambayo wanafani wenyewe hawayaulizi kwa sababu wanayaona ya kawaida mno: nani ataifanya kazi hii, kwa saa ngapi, na mwanafunzi atakayekabidhiwa kipande chake atamaliza lini. Ndiyo maana nasoma majalada nikiwa na kalamu mkononi, na kila tarakimu iliyomo katika mpango wa utafiti naiandika pembeni.

Waombaji ni watatu. Mpango ulionisimamisha ni wa mwombaji wa pili, anayetaka kuchunguza nitrati katika maji ya visima 60, kila mwezi, kwa miaka 2. Hizo ni sampuli 1,440, na katika kurasa zote za mpango sioni ni nani atakayezichukua.

Saa 2:30 asubuhi

Jopo linakutana kabla ya mwombaji yeyote kuingia. Mjumbe mmoja anaeleza kwamba amewahi kuandika makala pamoja na mwombaji wa tatu, na inaamuliwa kwamba atatoka nje wakati wa usaili huo wala hatampa alama. Tunakubaliana pia kwamba waombaji wote wataulizwa maswali makuu yaleyale, ingawa maswali ya ufuatiliaji yatategemea majibu yao, na kwamba kila mjumbe ataandika alama zake kabla ya mazungumzo yoyote kuanza. Hili la mwisho ndilo ninalolishikilia zaidi, kwa kuwa anayezungumza kwanza huwavuta wengine, hasa akiwa ndiye profesa mkongwe mezani.

Saa 3:30 asubuhi

Mwombaji wa kwanza amepewa dakika 20 za kuwasilisha mpango wake wa utafiti, na sehemu kubwa ya dakika hizo anaitumia kueleza tasnifu yake ya uzamivu. Tasnifu ni nzuri, lakini kazi iliyokwisha kufanyika tumeisoma katika jalada. Tunachotaka kusikia ni miaka mitano ijayo. Mwenyekiti anamuuliza swali ambalo kila mwombaji kijana angepaswa kwenda nalo usailini akiwa na jibu: "Katika mpango huu, ni kitu gani utakachokifanya wewe ambacho msimamizi wako wa zamani hangekifanya?" Anajibu kwamba wataendelea kushirikiana kwa karibu. Ushirikiano si dosari, ila jibu hilo halituambii mwanafunzi wake mwenyewe atarithi swali gani la utafiti, na kuanzia hapo maswali yetu kuhusu usimamizi yanakosa pa kushika.

Saa 5:00 asubuhi

Mwombaji wa pili anaanza na swali lake badala ya wasifu wake: je, nitrati iliyomo visimani inatoka kwenye mbolea za mashambani au kwenye mashimo ya vyoo? Anaeleza kwa nini jibu lina uzito, kwa kuwa tiba ya chanzo kimoja haisaidii kitu ikiwa chanzo ni kile kingine. Slaidi zake ni chache na anamaliza kabla ya muda.

Zamu yangu inapofika naziweka mezani zile sampuli 1,440. Namuuliza kwa siku moja gari likiwa tayari ataweza kufikia visima vingapi. Anafikiri kidogo na kusema 15, kisha anajirekebisha kuwa hiyo ni siku isiyo na tatizo, kwa kuwa kila kisima lazima kivutwe maji kwanza hadi joto na upitishaji wa umeme vitulie, vinginevyo utapima maji yaliyotuama ndani ya bomba badala ya maji ya mwambani. Kwa hiyo visima 60 ni siku nne za uwandani kila mwezi. Profesa wa kemia aliye kando yangu anaendelea: sampuli ya nitrati isiyotiwa kihifadhi huwekwa kwenye ubaridi na hupaswa kupimwa ndani ya saa 48. Mashine ya kromatografia ya ayoni ikitumia dakika 15 kwa sampuli moja, sampuli 60 ni saa 15, na ukiongeza vipimo vya kusawazishia, maji matupu ya kuhakikishia na marudio, utakaribia saa 20. Sampuli za siku ya kwanza zitakuwa zimepitwa na wakati kabla gari halijarudi kutoka visima vya siku ya nne, isipokuwa kama kuna mtu mwingine anayepima maabara wakati huohuo.

"Mtu huyo ni nani?" namuuliza.

"Nilikusudia awe mwanafunzi wa uzamili, Profesa," anasema.

Mwanafunzi wa uzamili ana takribani mwaka mmoja wa utafiti. Ukimfunga kwenye mpango huu, mwaka mzima atakuwa fundi wa sampuli za mradi wa mtu mwingine, na siku mashine itakapoharibika, tasnifu yake itaharibika nayo. Mwombaji anaomba nafasi ya kupanga upya papo hapo, na mwenyekiti anamruhusu kutumia ubao.

Anachokiandika ndicho kilichoamua siku hii, kwa maoni yangu. Anachagua visima 20 vya kupimwa kila mwezi, na vyote 60 vinapimwa mara mbili tu kwa mwaka, mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi. Visima 20 kwa miezi 12 ni sampuli 240. Vile 40 vingine kwa misimu miwili ni sampuli 80. Jumla 320 kwa mwaka na 640 kwa miaka 2, yaani chini ya nusu ya mpango wa awali. Kisha anagawa kazi. Mwanafunzi wa uzamili anapewa ulinganisho wa misimu miwili katika visima 60, kazi inayoanza na kumalizika ndani ya mwaka na kusimama yenyewe hata kama vipimo vya kila mwezi vitakatika. Mfululizo wa kila mwezi unakuwa wa mwanafunzi wa uzamivu, ambaye ana muda wa kuvumilia pengo la mwezi mmoja au miwili. Profesa wa kemia anamuuliza mashine ikifa wiki ya sampuli atafanya nini, naye anajibu kwamba sampuli zikitiwa asidi ya salfuriki hadi pH ishuke chini ya 2 zinaweza kusubiri hadi siku 28, lakini hapo zitapimwa kwa mbinu nyingine, na kitakachopatikana ni jumla ya nitrati na nitriti. Anaongeza kwamba mwanafunzi lazima aliandike hilo katika tasnifu badala ya kulificha kwenye jedwali.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa na kasoro, na hilo halikunisumbua sana. Mipango mingi inayoletwa usailini ni mikubwa kupita uwezo. Ninachotazama ni kama mwombaji, akionyeshwa hesabu, anaanza kwa kuuokoa mpango au kwa kumwokoa mwanafunzi.

Saa 6:00 mchana

Tunahamia kwenye ufundishaji. Takribani kila tamko la falsafa ya ufundishaji nililowahi kusoma linasema mwanafunzi ndiye kitovu, na sentensi hiyo haina alama kwangu. Swali letu ni hili: una darasa la wanafunzi 180 wa mwaka wa pili, utajuaje katika wiki ya tatu kwamba hawajaelewa, bila kusubiri mtihani?

Anatoa mfano mmoja na kukaa nao. Wanafunzi wengi huingia darasani wakiamini kwamba maji ya chini ya ardhi hutiririka kama mito iliyofichika, ilhali kwa kawaida hupenya polepole katika vinyweleo na nyufa za miamba. Atawapa swali la kuchagua jibu lililotungwa ili imani hiyo ijitokeze, kila mmoja apige kura kimya, kisha wajadiliane na jirani na kupiga kura tena. Mbinu hii ni ile aliyoianza Eric Mazur katika madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991, naye anaitaja bila kujifanya ameibuni. Nilipomuuliza atafanyaje kura ya kwanza ikionyesha ni wachache sana waliopata, alisema majadiliano hayana faida hapo. Chini ya takribani asilimia 30 inabidi mhadhiri afundishe upya, na zaidi ya takribani asilimia 70 aendelee na somo. Jibu hili linaonyesha mtu aliyekwisha kulifanya jambo lenyewe, maana anajua mahali linaposhindwa.

Kuhusu usimamizi, mwenyekiti anampa kisa: mwanafunzi wa uzamili yuko mwezi wa saba, hajaleta sura yoyote, na kila akiulizwa hujibu kwamba anaendelea vizuri. Mwombaji anasema hangesubiri mwezi wa saba. Sura ya mbinu za utafiti huandikwa kazi ya uwandani ikiwa bado inaendelea, na kila baada ya wiki mbili pana kikao kifupi ambacho mwanafunzi mwenyewe huandika muhtasari wake na kuutuma. Muhtasari unaokosekana mara mbili mfululizo ni dalili tosha. Kwa yule aliyekwisha kufika mwezi wa saba, angeomba ukurasa mmoja tu wenye jedwali moja la matokeo, kwa kuwa anayeshindwa kuandika ukurasa mara nyingi ana tatizo la data ambalo anaogopa kulitaja. Upande wake, anaahidi kurudisha rasimu ndani ya wiki mbili, na makala itokayo kwenye tasnifu itakuwa na jina la mwanafunzi mwanzoni.

Saa 8:00 mchana

Mwombaji wa tatu ana makala nyingi kuliko wenzake na anaahidi kusimamia wanafunzi 8 wa uzamivu tangu mwaka wa kwanza. Kikao cha saa moja kila wiki mbili kwa kila mmoja ni saa 4 kwa wiki. Kusoma kwa makini sura moja ya kila mwanafunzi kwa mwezi, kwa saa tatu na nusu kila sura, ni saa 7 nyingine kwa wiki. Mhadhiri mpya mwenye mihadhara ya saa 6, na maandalizi ya saa tatu kwa kila saa moja, ana saa 24 tayari. Tumefika 35, na bado hajasahihisha karatasi hata moja wala kugusa utafiti wake mwenyewe. Nilipomwonyesha hesabu hii alisema wanafunzi wakongwe watawasimamia wapya. Nikamuuliza wakongwe watatoka wapi katika mwaka wa kwanza.

Saa 9:30 alasiri

Alama zinasomwa kwa sauti kabla ya mjadala. Mjumbe mmoja anamtetea mwombaji wa tatu kwa wingi wa makala, na hoja yake ina nguvu, kwa kuwa idara inahitaji fedha za utafiti na makala huzivuta. Tunabishana kwa muda mrefu. Tunapendekeza mwombaji wa pili kwa wingi wa kura, tukiweka sharti kwamba mwanafunzi wake wa kwanza wa uzamivu amsimamie pamoja na mhadhiri mwenye uzoefu, na kwamba muhula wa kwanza apewe kozi moja badala ya mbili.

Saa 11:00 jioni

Nimepewa kazi ya kuandika sababu zitakazopelekwa kwa wasiochaguliwa. Kwa wa kwanza naandika kwamba aje na swali moja la utafiti lililo lake, pamoja na kipande chake kinachomtosha mwanafunzi wa uzamili kwa mwaka mmoja. Kwa wa tatu naiambatisha ile hesabu ya saa 35.